Kitufe cha Kushikiliwa

Pale masjala ya mahakama walimwita Masikio, na jina hilo alilipata kwa kazi, si kwa utani. Miaka kumi na tisa alikaa chumba cha mwisho, hedifoni kichwani, akiandika neno kwa neno yale yaliyorekodiwa: mashahidi wanaonong'ona, mawakili wanaomeza maneno, simu zilizopigwa huku mashine zinanguruma. Kiharusi kilipompooza mkono wa kushoto, miaka mitano iliyopita, masikio hakikuyagusa. Aliwaambia watu hivyo mara nyingi, hata wale ambao hawakuuliza.

Kuomba msaada ndiko kulikomshinda. Dada yake mkubwa, aliyekaa naye nyumba moja, alimtazama kila asubuhi akihangaika na vifungo vya blauzi, akisubiri aitwe. Haitwi. "Kwani ukisema 'dada nifungie' ulimi utakatika?" alimwuliza siku moja. Kesho yake Masikio akanunua masweta ya kuvaa kwa kichwa, akaachana na vifungo moja kwa moja. Alikuwa mbishi, sikatai. Lakini tusimwonee, maana ofisi nayo ilichangia. Mkuu wa masjala alishamwambia mara mbili, kwa ule upole wa mtu anayetaka kukumwagisha unga, kwamba labda apumzike, labda kazi hii inataka mikono miwili.

Mwanzoni mwa mwaka zikaja laptopu mpya. Wenzake walifurahi, zilikuwa nyepesi na nyembamba. Masikio alifungua yake, akavaa hedifoni, akaweka mguu kwenye pedali ya kusimamisha na kurudisha sauti, akaanza kazi. Shahidi wa kwanza alikuwa na sauti ya chini, akagusa kitufe cha juu kabisa kulia, chenye picha ya spika, kama alivyokuwa akifanya kwenye mashine yake ya zamani. Sauti haikuongezeka. Badala yake rekodi iliruka mbele sekunde moja. Akagusa chenye picha ya jua, ili kioo king'ae kidogo, dirisha lilikuwa likimpiga mwanga. Programu ikamwandikia saa na dakika katikati ya sentensi ya shahidi.

Ilimchukua asubuhi nzima kuelewa. Kwenye mashine hii sauti na mwangaza havikuja mpaka ushikilie kwanza kitufe kingine kilichoandikwa Fn, kule chini kushoto, ndipo uguse chenye picha. Kwa mwenye mikono miwili, hiyo si kazi ya kuongelea. Masikio alinyoosha kiganja mpaka mishipa ikamsimama: gumba kwenye Fn, kidole cha kati kikaishia katikati ya mstari wa juu. Picha ya spika ilikuwa mwisho kabisa, kwenye F12. Akakumbuka ule msaada wa vitufe kunata aliouwasha tangu augue, kwamba unagusa Shift, unaachia, kisha unagusa herufi, na inatoka kubwa. Akajaribu hivyo hivyo na Fn. Haikunata. Angeweza kushika kipanya na kufuata kispika kidogo pembeni mwa kioo, na pengine alifanya hivyo, lakini mkono wenyewe ni ule ule unaoandika, na kwenye rekodi mtu hunong'ona, halafu mwingine anapiga kelele ya kupasua masikio. Mpaka ukamate kipanya, neno limeshapita.

Mwishowe akagundua kidevu. Alifunga mlango, akainama mpaka kidevu kikakaa juu ya Fn, akanyoosha mkono wa kulia hadi F12. Sauti ikapanda. Aibu iliyompanda nayo haikuwa ndogo, mtu mzima mwenye mvi kuinamia kibodi kama anayekunywa maji ya mferejini. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, na hakuna aliyemwona. Angeweza kumpigia fundi wa kompyuta akamwuliza. Hakumpigia.

Wiki ya pili ikaja kesi ya fundi wa nguzo.

Fundi huyo alipanda nguzo kubadilisha waya, na waya ulikuwa na umeme. Akafia juu kule. Aliyeshtakiwa kwa uzembe alikuwa mwangalizi wa swichi, mtu wa chumba cha kuongozea, aliyekuwa akiongea naye kwa redio ya upepo. Kabla hajapanda, fundi aliuliza kama laini inazimwa. Mwangalizi akajibu. Jibu lenyewe lilirekodiwa, na kesi yote ilikuwa inaning'inia hapo. Polisi walisema alimwambia marehemu, "Jamaa wa kituoni atazima sasa hivi," ndiyo maana marehemu akapanda. Mshtakiwa alisema hapana, alimwambia, "Jamaa wa kituoni hatazima sasa hivi," marehemu akajibu "sawa", akapanda. Tofauti ni herufi moja, pumzi tu inayopita kooni. Wengi wetu tukiongea haraka hata hatuitoi.

Siku Masikio alipokuwa akiandika rekodi ile, mkuu wa masjala alikuja akasimama nyuma ya kiti chake. Mwendesha mashtaka alikuwa anaingoja karatasi ukumbini. "Endelea tu, mimi sikusumbui," mkuu alisema, akaegemea kabati na kukunja mikono, yote miwili.

Redio ilikuwa na mikwaruzo mikali, na Masikio alikuwa ameshapunguza sauti kwa kidevu, kabla mkuu hajaingia, ili isimuumize. Ghafla ikaja sauti ya mwangalizi, ya chini, ya mbali. Kidole chake, kwa mazoea ya miaka, kikagusa F12. Rekodi ikaruka. Akarudisha kwa pedali, kidole kikafanya kosa lile lile, ikaruka tena. Kipanya kingechelewa, kilichobaki kilikuwa kidevu. Lakini mkuu alikuwa pale pale, na Masikio alijua jioni yake habari ya kidevu ingekuwa imefika kwa msajili, na Jumatatu yeye angekuwa nyumbani anapumzika kwa lazima. Akarudisha mara ya tatu, akaacha sauti vile vile ilivyo chini, akakaza masikio. Akasikia *atazima*. Akaandika *atazima*. Akaendelea, akachapa, akatia saini chini ya yale maneno ya kuthibitisha kwamba hii ni nakala sahihi ya kilichosemwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa karatasi ile. Rekodi ilichezwa mahakamani mara moja, kwenye spika mbovu, huku kila mtu ameshika karatasi iliyoandikwa *atazima*, na kila mtu akasikia atazima. Sikio lenyewe linafuata macho. Mshtakiwa alisimama akasema, "Nilisema hatazima," na wakili wake akamvuta shati akae. Rumande alikokuwa akirudishwa alikuwa ameanza kukohoa.

Mama yake alikuwa akija kila Alhamisi. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, viatu vimepangwa chini ya benchi, na kila mara aliuliza swali moja dirishani: "Mwanangu, ile karatasi bado inasema vile vile?" Masikio alimjibu mwenyewe mara nne. "Bado, mama." Mara zote nne alirudi chumbani kwake, akajiambia kwamba yeye ni Masikio, hajawahi kukosea neno, na kazi haimalizwi kwa huruma.

Hukumu ilipangwa Jumatatu. Alhamisi kabla ya hapo printa ya chumba chake ikakwama, na fundi wa kompyuta akaja bila kubisha hodi. Huyu walimwita Bisibisi, kwa sababu daima alikuwa nayo moja nyuma ya sikio. Alifungua mlango akamkuta Masikio kidevu kiko kwenye kibodi.

Alisimama. Hakucheka, na hilo lilimsaidia Masikio kuliko maneno.

"Unafanya nini, dada yangu?"

"Natafuta sauti."

"Kwa kidevu? Tangu lini?"

"Tangu mlipotuletea hizi."

Bisibisi akavuta kiti, printa akaisahau. "Miezi minne," alisema. "Miezi minne, na mimi nakaa ghorofa ya chini hapo nacheza karata. Kwa nini hukuniita?"

Masikio akamsogezea mashine. Bisibisi akazima laptopu, akaiwasha tena huku akigonga kitufe kimoja mara nyingi, kikafunguka kioo cha maandishi matupu, kile kinachokuja kabla kompyuta haijaamka vizuri. Kikaomba nywila, akaiandika. "Hapa usingefika mwenyewe, tumepafunga," alisema. "Na ule msaada wako wa kunata usingefaa kitu. Fn haimfikii mwenye nyumba. Shift na wenzake, kompyuta inawaona. Fn inamalizwa humu humu ndani ya kibodi, kompyuta haina habari kama umeigusa."

"Sasa kwa nini waweke sauti kwenye kitufe kisichoshikika?"

"Mstari huu wa juu una kazi mbili. F1 mpaka F12 zilikuwepo tangu zamani, kabla kompyuta haijaweza kubebwa kwapani, na programu zinazitumia. Yako si inaruka mbele ukigusa F12? Halafu zikaja laptopu, nafasi hakuna, wakachora spika na jua juu ya vitufe vile vile. Ikabidi mmoja awe wa kwanza na mwingine asubiri Fn. Nani awe wa kwanza, anaamua anayetengeneza au anayeagiza. Sisi tuliagiza F ziwe mbele, wachapaji wengi hawana pedali, wanarukia kwa F. Wewe una pedali. Wewe hukuwahi kuzihitaji." Akashuka kwenye orodha mpaka mstari mmoja, akaubadilisha, akahifadhi. "Basi. Sasa picha ndiyo ya kwanza. Ukitaka F ya kweli, hapo ndipo utakaposhika Fn. Mashine nyingine unabadilisha kwa Fn na Esc tu, hizi hazina."

Ilikuwa haijafika dakika tatu. Masikio akavaa hedifoni, akagusa F12. Sauti ikapanda. Akagusa tena, ikapanda tena. Akagusa picha ya jua, kioo kikang'aa. Ulikuwa upumbavu mtupu kulia kwa ajili ya kitu kama hicho, naye alilia kidogo, akageuza uso dirishani. Bisibisi akajishughulisha na printa.

Kupitia kioo cha mlango alimwona mama wa mshtakiwa kwenye benchi, viatu vyake chini.

Akafungua faili. Akaifuata mikwaruzo ya redio, sauti ikiwa chini, na ilipofika pale akagusa F12, akagusa, akagusa. Akasikia pumzi. Akarudisha kwa pedali. Akaisikia tena, wazi kama mtu anayepulizia kioo cha miwani kabla ya kukifuta. Hatazima. Mwili ukamfa ganzi hata upande ule ambao kiharusi hakikuugusa.

Akajishuku kwanza. Labda alitaka kuisikia. Akavua hedifoni, akamvika Bisibisi. "Sikiliza hapa. Usiniambie kitu, andika."

Bisibisi hakuwa akijua chochote cha kesi ile. Alisikiliza mara mbili, akachomoa kalamu, akaandika nyuma ya boksi la wino: *Jamaa wa kituoni hatazima sasa hivi.*

"Vipi?" aliuliza. "Nimekosea?"

"Wewe hujakosea," Masikio alisema.

Mkuu wa masjala alimsikiliza mlango umefungwa. Alipomaliza, mkuu alisogeza kiti karibu. "Unajua unachoniambia? Ukikosea hapa, umekosea wapi kwingine? Miezi minne ya mafaili. Kila wakili atataka yake isikilizwe upya. Na saini ni yako, siyo yangu."

"Ni yangu."

"Hukumu ni Jumatatu. Hakimu ana masikio yake, alisikia. Acha mambo yaende."

Masikio alifikiria kazi yake, chumba chake, na dada yake ambaye angeambiwa. Alitamani sana kuacha mambo yaende. Ningekuambia hakutamani ningekuwa nakudanganya. Akarudi chumbani, akaandika barua kwa hakimu kwa mkono mmoja, bila kuruka kitu. Aliandika kuhusu kitufe, kuhusu kidevu, na kwamba siku ile mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, naye Masikio akaona haya kuinama. Neno *haya* alilifuta mara mbili, mwishowe akaliacha.

Jumatatu hukumu haikusomwa. Hakimu aliagiza Masikio aje aonyeshe mbele ya wote jinsi kosa lilivyotokea, kwa mashine ile ile, ikiwa kama ilivyokuwa siku ile. Kwa hiyo asubuhi Bisibisi, uso umemkunjamana, akaurudisha ule mstari ulivyokuwa, akachomeka spika mpya mbili, akatoka. Laptopu ikawekwa kwenye meza ndogo mbele ya safu ya kwanza.

Mwisho wa safu hiyo, hatua moja kutoka mezani, alikaa mjane wa fundi wa nguzo. Hakukosa hata siku moja. Kila aliyemsogelea alimwambia neno lile lile: mume wangu hakuwa mjinga, mume wangu aliambiwa atazima. Alikuwa akilishika hilo kama mtu anayeshika reli ya ngazi. Watu walisema watoto wake nao anawalaza akiwaambia hivyo.

Masikio aliapa, akakaa, akaweka mguu kwenye pedali. Mikwaruzo ikajaza chumba. Sauti ya mwangalizi ikaja, ndogo, ya mbali, na yeye akagusa F12. Rekodi ikaruka. Akarudisha, akagusa, ikaruka. Kwenye kizimba mshtakiwa alikohoa, akajiziba mdomo kwa bega.

"Sasa tuonyeshe inavyotakiwa kufanywa," hakimu alisema.

"Inashikiliwa hii ya huku, mheshimiwa, halafu inaguswa ile ya kule."

"Fanya hivyo."

Masikio alitazama kibodi. Kidevu kingeweza kufika. Aliona macho ya chumba kizima, mkuu wa masjala akiwa mlangoni, mama wa mshtakiwa na mkoba wake magotini. Akauondoa mkono kwenye kibodi.

"Siwezi, mheshimiwa," alisema. "Mkono wangu ni mmoja. Naomba mtu anishikie."

Hakuwahi kuyasema maneno hayo tangu augue. Yalitoka kavu, na watu wakatazamana, kama hakuna aliyejua kama inaruhusiwa. Kisha aliyekuwa karibu zaidi akanyanyuka. Mjane wa fundi alisogea hatua ile moja, akainama kando ya Masikio. Alikuwa na harufu ya sabuni ya kufulia.

"Ipi, dada?"

Masikio alimtazama, akataka kumwambia aache, arudi akakae, aje mwingine yeyote. Karani alikuwa ameanza kunyanyuka, lakini kidole cha mjane kilikuwa kimeshateremka. "Hii yenye Fn?"

"Hiyo."

"Nimeishika."

Masikio akarudisha kwa pedali. Akagusa F12, na sauti ikapanda. Akagusa tena na tena, mpaka mikwaruzo ikawauma watu masikio, na katikati ya mikwaruzo mtu akavuta pumzi, akasema taratibu, kila mmoja akasikia:

"Jamaa wa kituoni hatazima sasa hivi."

Na ile nyingine, ya mtu aliyekuwa hai bado: "Sawa."

Hakimu akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Kwenye kizimba mshtakiwa alikuwa ameshika vyuma vya mbele kwa mikono yote miwili, akitikisa kichwa polepole, na mama yake alikuwa akivaa viatu na kuvivua. Hakimu akasema mahakama inaahirishwa mpaka alasiri, na mshtakiwa asirudishwe rumande bali asubiri pale pale. Viti vikaburutwa, watu wakaanza kuongea. Mkuu wa masjala hakuwepo tena mlangoni, na Masikio alijua barua ya kumpumzisha kwa lazima inachapwa.

Mjane hakuwa ameondoka. Alibaki ameinama vile vile, na kidole bado kiko kwenye Fn.

"Unaweza kuachia, mama," Masikio alimwambia. "Imeisha."

Hakuachia.

"Kwa hiyo aliambiwa," mjane alisema.

"Aliambiwa."

"Na wewe siku ile ulikuwa hapa, unaandika. Kwa nini hukusikia?"

Masikio aliutafuta uongo wa kumtuliza, hakuupata.

"Hakukuwa na mtu wa kunishikia," alisema. "Sikuomba."